"Ulikauka." Nini Kilikauka? Kuhariri mahojiano kwenye karatasi kabla ya kufungua taimlaini

*Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya wahariri wa video, wapiga picha na watangazaji wanaoanza kutengeneza filamu za maisha halisi. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Picha za ukutani tumeziacha.*

Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Na ninyi mliosimama kule mlangoni, sogeeni, viti vipo huku.

Nitaanza na sentensi moja. Nawaomba mnisikilize kama watazamaji, msiwe wahariri kwanza. Mzee anakaa kwenye kigoda, nyuma yake migomba, anatazama pembeni kidogo ya kamera na kusema: "Ulikauka mwezi wa kwanza. Tulipanda mpaka juu, tukakuta umezibwa. Nani kaziba, hakuna aliyesema."

Sentensi tamu, siyo? Ina tukio, ina siri ndani yake, na imefungwa vizuri. Mhariri yeyote akiisoma ataipiga mstari. Sasa niambieni: ulikauka nini? Mti? Mto? Mkono? Udongo? Mnanitazama. Hamjui, na mtazamaji naye hatajua. Mzee anajua, aliyemhoji anajua, na mhariri aliyeshinda siku tatu na mahojiano yale anajua vizuri kuliko wote, ndiyo maana hasikii kwamba neno lenyewe halipo.

Kiswahili chetu hakilazimishi mtu kutaja jina la kitu. Kile ki "u" kidogo mwanzoni mwa kitenzi kinatosha, mradi mnaozungumza mnakijua mnachokizungumzia. Jina lilikuwa kwenye swali. Na swali ndilo tutakalolikata.

Asubuhi hii nitazungumza zaidi juu ya hicho ki "u", na jinsi ya kukikamata kwenye karatasi, kabla hujafungua programu ya kuhariri.

Tuchukue filamu ya mfano, tuibebe pamoja mpaka mwisho. Ni filamu ya dakika 8 kuhusu mfongo mmoja huku mlimani, mfereji wa asili unaotoa maji kwenye kijito na kuyateremsha kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Tuna mahojiano manne. Mzee aliyewahi kusimamia zamu za maji, dakika 58. Mama ambaye kihamba chake kiko mwisho kabisa wa mfongo, dakika 41. Fundi kijana aliyejengea kwa saruji banio, pale maji yanapofunguliwa kuingia mfongo, dakika 33. Afisa wa maji, dakika 28. Jumla dakika 160, yaani saa mbili na dakika arobaini za watu kuzungumza. Ukiyanukuu yote, maswali na majibu, unapata kama maneno 16,000. Ukichapa maneno 300 kwa ukurasa, pembeni pana nafasi ya kuandika, ni kurasa kama 53.

Na filamu inahitaji maneno mangapi? Filamu ya dakika 8 iliyojaa maneno dakika zote 8 ni redio yenye picha. Acheni maji yasikike, acheni jembe lisikike. Tuseme maneno yachukue dakika 5. Nitarudi kwenye hesabu hiyo.

Karatasi haiwezi kuwa nzuri kuliko unukuzi wake

Jambo la kwanza, unukuzi wenyewe. Hapa nitakwenda haraka, isipokuwa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni usafi. Mnukuzi mwenye elimu nzuri ana ugonjwa mmoja: anasafisha. Mama amesema, "Maji... eeh... maji yali, unajua sisi wa mwisho... maji yalipungua sana." Mnukuzi anaandika: "Maji yalipungua sana." Mhariri anasoma, anapenda, anaandika sekunde 2. Anafika kwenye taimlaini anakutana na sekunde 9 za kujikwaa, na hakuna mahali pa kukata bila kumkata mama midomo. Kwa ripoti ya kikao, usafi ni adabu. Kwa filamu, usafi ni uongo. Andika "eeh". Andika neno lililokatika katikati. Nukta tatu kwa kusita kidogo, na kimya kirefu kiandikwe kwa sekunde: (kimya 4). Andika [anacheka], [jogoo], [bodaboda inapita]. Hiyo bodaboda itakuokoa baadaye, kwa sababu utajua mapema kwamba nukuu nzuri ina injini juu yake.

Na kama mzee ameingiza Kichaga, kiandikwe Kichaga kama kilivyosemwa, tafsiri ikae pembeni. Ukiandika tafsiri peke yake, mhariri hatajua sentensi inaishia wapi kwenye sauti. Mpe kazi hiyo mtu wa upande uleule. Kichaga cha Rombo na cha Kibosho havifanani, na anayebahatisha atakubahatishia filamu nzima.

Mahali pa pili ni anwani ya maneno. Kila jibu lianze na taimkodi, na jibu refu liwekewe nyingine kila baada ya nusu dakika. Hili wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba taimkodi peke yake haitoshi.

Sikieni kisa hiki, kinawapata wengi. Mahojiano ya mzee yamejaza kadi mbili. Kamera ilipangwa taimkodi ianze sifuri kila kadi mpya inapoingia, na majina ya faili nayo yakaanza upya. Sasa kuna C0003.MP4 kwenye kadi ya kwanza na C0003.MP4 kwenye kadi ya pili, zote zina 00:12:40. Karatasi inasema "Mzee, 00:12:40". Mhariri anafungua, anamkuta mzee anaeleza habari za ng'ombe. Anafikiri mnukuzi amekosea, anaanza kutafuta kwa kusogeza kichwa cha taimlaini mbele na nyuma, na asubuhi imekwisha.

Dawa ni kuipa kila kadi jina lake kabla ya kunakili chochote, K1, K2, K3, na kila nukuu ibebe vitu vitatu pamoja: kadi, faili, taimkodi. Kwa mfano:

```
K2-C0003-00:12:40
```

Kisha juu ya ukurasa wa kwanza andika ni saa ipi umetumia: taimkodi iliyoandikwa na kamera, au saa ya kichezeshi inayoanza sifuri kwa kila faili. Ni saa mbili tofauti, na zikichanganywa kwenye unukuzi mmoja hakuna atakayezitenganisha. Mahojiano marefu yana mtego mwingine: kadi za mfumo wa FAT32 haziwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo kamera hukata mazungumzo vipande na kuendelea kwenye faili jipya. Saa ya kichezeshi inarudi sifuri katikati ya sentensi ya mzee.

Na taimkodi isomwe kwa tarakimu, jamani. Ukimwambia msaidizi wako kwa simu "saa mbili na robo", wewe unafikiri 02:15 naye anafikiri saa ya ukutani.

Kila kiambishi kina mwenyewe

Sasa tuingie ndani. Chapa kurasa zako 53, upande mmoja tu wa karatasi. Najua mnahesabu gharama ya steshenari. Upande mmoja, kwa sababu mbili: utakuja kukata kwa mkasi, na ule upande mtupu tutauandikia.

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili piga mstari kwa kila kinachokugusa au kinachoeleza. Kwenye mfano wetu tuseme umepiga mstari maneno kama 2,400 kati ya yale 16,000. Usijibane hapa, mchujo bado.

Mara ya tatu ndiyo yenye kazi. Kwa kila nukuu iliyopigwa mstari, zungushia duara viambishi visivyo na jina lake ndani ya nukuu hiyohiyo. "Ulikauka": duara kwenye "u". "Umezibwa": duara. "Tulipanda": duara kwenye "tu", sisi akina nani? Ukoo? Kijiji kizima? Halafu rudi nyuma kwenye unukuzi, utafute jina, uliandike pembeni. Kwa mzee wetu utarudi mpaka kwenye swali: "Mzee, mfongo wenu umewahi kukauka?" Hapo ndipo jina lilipo. Andika pembeni: *mfongo, liko kwenye swali.*

Nukuu yenye jina lake ndani inasimama kwa miguu yake. Nukuu ambayo jina lake liko kwenye swali ni mgonjwa, inahitaji kushikwa mkono. Haitupwi. Ila usiiweke popote ukafikiri itasimama.

Inashikwaje mkono? Njia ya kwanza, na ndiyo bora, ni kumtafuta mtu huyohuyo akilitaja jina mahali pengine. Mzee wetu, nusu saa nzima kabla, alisema hivi:

"Mfongo huu tuliurithi kwa babu zetu. Hakuna aliyetuchimbia. Kila ukoo ulikuwa na siku yake, na siku ya zamu yako hulali; unakwenda na jembe lako mpaka kwenye banio, unafungua maji, unayafuata hadi kihambani kwako mwenyewe."

Weka hii kwanza, halafu "Ulikauka mwezi wa kwanza" ifuate. Sasa "u" ina mwenyewe. Mtazamaji hakuambiwa kitu, lakini anajua ni mfongo. Tumemaliza?

Hatujamaliza. Kwenye karatasi unaona hadithi inachelewa, unataka kuingiza sauti ya mama katikati. Mama ana nukuu nzuri sana: "Masika yale mto ulijaa, ukabeba migomba, ukabeba hata daraja." Unaiweka. Somea kwa sauti: mzee anasema mfongo huu tuliurithi, mama anasema mto ulijaa, ukabeba hata daraja, mzee anarudi: "Ulikauka mwezi wa kwanza. Tulipanda mpaka juu, tukakuta umezibwa."

Umekauka nini sasa? Mto! Mfongo na mto ziko ngeli moja, zote zinachukua "u", na sikio linamkamata wa mwisho kutajwa. Kwa kuingiza sentensi moja ya kweli, isiyo na kosa lolote, umemfanya mzee aseme kwamba mtu ameuziba mto mzima. Kila neno limesemwa, hakuna lililoghushiwa, na bado habari ni ya uongo.

Na huyo ni mto, hauna wakili. Tazameni kwa watu, ambako "a" na "wa" zinambeba yeyote, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Fundi wetu aliulizwa juu ya mkandarasi wa kwanza, aliyekuja miaka ya nyuma akaondoka. Akajibu: "Walileta mifuko ishirini, ikatumika minane. Hiyo mingine waulizeni wenyewe." Nukuu fupi, kali, kila mhariri ataitaka. Afisa wa maji naye, kwenye mahojiano yake, anasema: "Idara ilishirikiana na wanakijiji kukarabati banio." Zote mbili zinahusu ukarabati, kwa hiyo kwenye karatasi zinavutana kama sumaku. Ukiweka afisa kwanza, fundi akafuata, ni nani waliokula saruji?

Idara na wanakijiji. Umeshawaita wezi watu ambao fundi hakuwa anawazungumzia hata kidogo. Siku ya kuonyesha filamu fundi huyo atakaa kijijini kwake na wanakijiji haohao. Utamwambia nini?

Ndiyo maana nikasema acha upande mtupu. Ukishakata vipande kwa mkasi, nyuma ya kila kipande andika vitu viwili: swali lililoulizwa, hata kwa kifupi, na mwenye kiambishi. Nyuma ya kipande cha fundi: *Swali: mkandarasi wa kwanza alifanya nini? "Wa" = watu wa mkandarasi.* Sasa kila unapokihamisha unakigeuza kwanza. Kwenye taimlaini huwezi kukigeuza. Klipu haina mgongo.

Njia ya pili ya kushika mkono ni sauti ya msimulizi au maandishi mafupi kwenye skrini, "Ukarabati wa kwanza", basi. Njia ya tatu ni kurudi kwa mhusika kumwuliza tena, na kama mmeelewana vizuri hilo si aibu. Njia ambayo mimi siikubali ni kumkata mzee neno "mfongo" kutoka dakika ya 31 na kulibandika mbele ya "ulikauka". Programu inaruhusu. Mara nyingi utasikika, kwa sababu "mfongo" ya katikati ya sentensi haipandi kama ya mwanzo. Lakini hata usiposikika, ukianza kumtungia mtu sentensi kwa neno mojamoja, hujui utasimamia wapi.

Wapo watakaosema, si umwambie tu mzee aanze jibu kwa kutaja kitu? Kwa kijana unaweza. Kwa mzee wa miaka themanini, kumwambia "rudia, anza na neno mfongo" ni kumgeuza mwanafunzi, na utapata jibu la mwanafunzi. Badili swali. Ukiuliza "umewahi kukauka?" atajibu "ulikauka". Ukisema "Tusimulie, mzee, kisa cha mfongo kukauka", atavuta pumzi na kuanza mwanzo, na hadithi iliyoanza mwanzo huwa na jina lake.

Pima kwa mdomo wa msemaji

Jambo la tatu, vipimo. Wengi mmesoma kwamba mtu husema maneno 150 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya Kiingereza. Neno letu moja linabeba kazi ya maneno yao matatu manne. "Tukayafungulia" ni neno moja, litamke uone. Kwa hiyo kwa dakika moja tunatoa maneno machache zaidi, na kila msemaji ana mwendo wake. Chagua dakika 2 za katikati ya mahojiano ya kila mmoja, pale alipokwisha kuzoea kamera, hesabu maneno, gawanya kwa 2.

Kwenye mfano wetu tuseme mzee anatoa maneno 85 kwa dakika, mama 125, fundi 130, afisa 115. Ile nukuu ya mfongo wa kurithi ina maneno 34. Kwa mdomo wa mzee ni sekunde 24. Maneno hayohayo kwa mdomo wa fundi yangekuwa kama sekunde 16. Kosa la sekunde 8 kwa nukuu moja. Ukiwa na nukuu kumi na tano, filamu yako imezidi kabla hujaanza.

Tulisema maneno yachukue dakika 5. Tukimpa mzee dakika 2 na wengine dakika moja moja, tunapata maneno 170 ya mzee, 125 ya mama, 130 ya fundi na 115 ya afisa. Jumla 540. Kutoka 16,000! Lakini karatasi ya kwanza isifike huko. Iache na theluthi ya ziada, kama maneno 720, kwa sababu baadhi ya nukuu zitakufa masikioni, nitaeleza. Ukija na 540 kamili na mbili zikafa, utaanza kuchimba kwenye kurasa 53 upya, mara hii kwa haraka na kwa hasira.

Kupanga ndiko kwenye raha. Kila msemaji awe na rangi yake ya karatasi. Kila sehemu ya filamu iandikwe kwenye kadi kubwa, na iandikwe sentensi. Ukiandika "Historia", kila kitu cha zamani kitaingia. Ukiandika "Maji yalikuwa ya zamu na kila ukoo ulikuwa na siku yake", nukuu inayozungumzia jambo jingine itajitoa yenyewe. Tandaza sakafuni, funga feni, fukuza watoto. Ukiona njano tupu kwenye sehemu moja, mama anahutubia. Ukiona bluu haionekani mpaka mwisho, fundi atamshangaza mtazamaji. Piga picha kwa simu kabla ya kulala. Asubuhi mpangilio wa jana huwa mbaya au mzuri kuliko ulivyodhani, na utataka kuuona.

Ukiridhika, hamishia kwenye jedwali: namba, anwani ya kuanzia na ya kumalizia, msemaji, nukuu nzima, sekunde, na picha itakayofunika viungo. Nukuu nzima, tafadhali. Kuna wanaoandika maneno matatu ya mwanzo na matatu ya mwisho, na jedwali la namna hiyo huwezi kulisomea kwa sauti, wakati kulisomea kwa sauti ndiko kunakofichua ule mto. Ukiruka maneno katikati ya nukuu, weka alama ya mkato palepale, maana kila mkato ni mruko wa picha na lazima kitu kiufunike: mikono, banio, maji kwenye migomba. Mikato mitatu kwa sekunde kumi bila picha ya kufunikia, nukuu hiyo bado haijapatikana.

Mwite mtu asiyejua habari hiyo, msomee mfululizo bila maelezo. Usimwulize kama ni nzuri, atasema nzuri, sisi ni watu wa adabu. Mwulize: "Nini kilizibwa? Nani alileta saruji?" Akijibu mto, rudi sakafuni.

Karatasi haina sikio

La mwisho, na wengi hulikosa kwa kulewa karatasi. Kabla ya kufungua taimlaini, vaa hedifoni usikilize nukuu zilizobaki. Zilizobaki tu. Maneno 720 ni kama dakika 7. Hata ukirudia kila moja mara tatu ni chini ya nusu saa.

Unasikiliza nini? Kwanza, mwisho wa sentensi. Mnukuzi ameweka nukta, lakini je, sauti imeshuka? Mara nyingi msemaji alikuwa anaendelea, silabi ya mwisho imebaki juu, pumzi ya "na tena" imeshaanza. Ukikata hapo, nukuu inaning'inia. Weka mshale wa kushuka au wa kupanda pembeni ya kila mwisho kwenye jedwali. Nukuu yenye mshale wa kupanda inaweza kuishi katikati ya filamu, mtu mwingine akiidaka, lakini haiwezi kufunga sehemu.

Pili, mwanzo wake, na hapa kuna tatizo letu wenyewe. Tumelelewa kumwitikia mzee anapozungumza. "Naam." "Ehee." "Kweli kabisa." Mhoji mwenye heshima zake anaitikia kila baada ya sekunde tano, na ile "ehee" inalala juu ya neno la kwanza la sentensi bora kuliko zote. Kwenye unukuzi haionekani, kwa kuwa mnukuzi naye ameichukulia kama hewa. Kama kipaza sauti cha shingoni mwa mzee kimerekodiwa mkondo wake peke yake, sikiliza mkondo huo. Pengine mhoji yuko mbali kiasi cha kutosha. Kama mikondo imechanganywa, anzisha nukuu neno moja baadaye, au iache. Na siku nyingine itikia kwa kichwa.

Tatu, kejeli. Mama ameandikwa: "Walitusaidia sana." Kwenye karatasi ni shukrani. Kwenye hedifoni ile "sana" imevutwa, ikafuatiwa na kicheko cha puani. Ni lawama. Ukiiweka kwenye sehemu ya shukrani umemkosea mama, na watu wa kijiji watakaoangalia watacheka mahali usipotarajia.

Sasa fungua taimlaini. Fuata jedwali namba kwa namba, sauti kwanza, picha ziache zilivyo na miruko yake. Sikiliza yote umefumba macho. Yatabadilika, na kila unachobadilisha kiandike kwenye karatasi palepale, toleo la 2, toleo la 3, na tarehe, kwa maana mwenye kazi akija kuuliza "yule fundi alisema nini tena?" jibu liko kwenye bahasha. Vipande visivyotumika usivitupe. Kila msemaji bahasha yake.

Kwenye filamu yetu, mama na mto wake amehamia mwanzo kabisa, kabla mfongo haujatajwa: masika, mto umejaa, daraja limekwenda. Kisha mzee na mfongo wa kurithi, sekunde 24. Kisha maji yenyewe, bila mtu kusema neno. Ndipo mzee: "Ulikauka mwezi wa kwanza."

Tuna dakika ishirini za maswali kabla ya chai. Aliyekuja na unukuzi wake, aanze yeye. Tuusome hapahapa.